Cheti nilikuwa nacho, taa hazikuwaka

Juzi mdogo wangu mmoja wa Mafinga, aliyemaliza kidato cha nne, ameniandikia: "Kaka, nikasome cheti au diploma? Au nitafute leseni moja kwa moja?" Swali hilo limenigusa mahali panapouma bado.

Nilipomaliza mafunzo ya umeme nilirudi Mbeya na cheti cha ufundi, nikapata kazi ya nyumba ya vyumba vitatu Uyole. Nilivuta waya za 1.5 kwenye taa na 2.5 kwenye soketi, nikachimbia fimbo ya athi mwenyewe. Kazi ilikuwa safi. Mwenye nyumba alipokwenda kuomba umeme, akaulizwa: mkandarasi wako nani, leseni yake iko wapi? Mimi sikuwa nayo. Ikabidi aletwe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji. Akafungua sakiti breka, akapima nyaya zote kwa mega, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja, hakubadilisha hata skrubu moja, akasaini. Malipo yangu yaliyobaki yakaenda kwake. Niliumia, lakini yule mzee hakuniibia. Sahihi yake ina maana kwamba nyumba ikiungua, yeye ndiye anayeitwa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Cheti kinasema umesoma na umefaulu. Diploma nayo inasema hivyohivyo, ila kwa ngazi ya juu zaidi. Kwenye vyuo vinavyosajiliwa na NACTVET, baraza la serikali la elimu ya ufundi, ngazi ya 4 na ya 5 ni astashahada, yaani cheti, ya 6 ndiyo stashahada, yaani diploma. Ukitoka kidato cha nne kwa kawaida ni miaka mitatu, na mwenye kuishia njiani baada ya kufaulu ngazi ya 4 hatoki mikono mitupu. Karatasi hizi hazichachi. Yangu ya zamani bado ni halali.

Leseni si ya shule. Inatolewa na mamlaka ya serikali, ina daraja lenye ukomo wa kazi, ina tarehe ya mwisho, na inaweza kufutwa. Cheti ni sehemu tu ya maombi yake. Wauguzi wako hivyohivyo: diploma inatoka chuoni, leseni inatoka Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Ya nne ndiyo inayochanganya wengi, sertifikesheni. Hii inatolewa na chama cha taaluma au kampuni yenye teknolojia. Mfano ni CCNA ya mitandao ya kompyuta: hakuna anayekuuliza ulisoma wapi, unafanya mtihani wao, na baada ya miaka 3 inaisha usipoihuisha. Inamshawishi mwajiri, lakini haikupi ruhusa ya kisheria ya chochote.

Kwa hiyo mdogo wangu, leseni moja kwa moja haipo. Kabla hujalipa ada Mafinga au Iringa, hakikisha chuo na kozi vimesajiliwa NACTVET, halafu nenda kwa fundi anayesaini kazi zake mwenyewe, mwombe akuonyeshe leseni yake, umuulize alipeleka karatasi gani kuipata.