Maneno korofi ya Kiingereza kwa watoto wa miaka sita: maswali yenu na majibu

Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la kwanza, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Kila akikutana na "said" anasoma "Saidi". Nimwambie akariri tu? (Mama, Tabata)

Marahaba, mama. Asikariri kwanza. Mtoto huyu anasoma kama alivyofundishwa kusoma Kiswahili: kila herufi na sauti yake, sa-i-di. Ukimwambia "hili likariri tu", atalikariri kama picha, na picha za maneno hufanana mno. Baada ya maneno ishirini hivi ataanza kuyachanganya.

Karatasi ije mwisho. Anza na mdomo. Mwambie "Mama said no", umuulize mama kasema nini, mpaka uone neno analijua kwa kusikia. Halafu mhesabie sauti kwenye vidole: s, e, d. Ni tatu. Watoto wetu hupenda kuongeza irabu mwishoni wakasema "sedi", kwa hiyo asiondoke kwenye hatua hii mpaka ile d ifunge kabisa.

Sasa chora visanduku vitatu. Muulize sauti ya kwanza inaandikwaje. Atasema s, iandike. Ya mwisho? Ni d, iandike. Ya katikati atakwambia e, na kwa haki kabisa. Hapo ndipo unamwambia: "Hapa Kiingereza kinaandika ai." Ziandike hizo mbili ndani ya kisanduku kimoja kwa maka nyekundu, na juu yake chora moyo mdogo. Kitu kigeni alichobakiza ni kimoja tu. S na d alikuwa nazo tangu zamani.

Baada ya hapo afunike, aandike mwenyewe huku akitamka sauti na si majina ya herufi, kisha afunue alinganishe. Kesho asubuhi aandike tena bila kuona. Akishalizoea, mletee "again", ambalo nalo lina ai inayotamkwa e, aone kwamba "said" halina ukorofi wa peke yake.

Njia hii ina sababu yake. Mtafiti wa Marekani Linnea Ehri amefanya kazi miaka mingi kueleza jinsi neno linavyokaa kichwani: herufi zake hushikamanishwa na sauti ambazo mtoto tayari anazo mdomoni. Hata neno korofi hushikiliwa na zile herufi zake zinazotii.

Shule imetupa orodha ya maneno 220 tubandike ukutani nyumbani. Ukuta umejaa, mtoto hata hautazami. Tunakosea wapi? (Baba, Thika)

Orodha ya maneno 220 bila shaka ni ile ya Edward Dolch, profesa wa Kimarekani aliyeitoa mwaka 1936. Alikusanya maneno yanayojirudia sana kwenye lugha na vitabu vya watoto, na majina ya vitu akayatenga kwenye orodha nyingine ya maneno 95. Kigezo chake kilikuwa wingi wa kutumika. Kama neno linasomeka kwa sauti zake au halisomeki, hilo halikuwa swali lake. Ndiyo maana utakuta "can", "get", "in", "run", "red" na "ten" zimechanganywa na "one" na "who".

Kaa na orodha hiyo na kalamu ya risasi. Kwanza kata yote ambayo mtoto anaweza kuyasoma kwa sauti za herufi. Hayo hayana kazi ukutani, na kumfundisha "red" kwa kuangalia umbo ni kumzoesha kubahatisha. Pili, weka nyota kwenye yale ambayo ni korofi kwa sasa tu: "like", "make", "ride", "take". Leo anasoma "li-ke" na "ma-ke", lakini siku atakapofundishwa ile e ya mwisho isiyotamkwa, yote yatafunguka kwa mkupuo. "Have" na "give" nazo zina sababu: Kiingereza hakipendi kumaliza neno kwa v, kwa hiyo e imewekwa hapo kuziba tu.

Yatakayobaki ndiyo yako: "the", "of", "was", "said", "one", "two", "come", "some", "to", "do", "who", "you", "they", "are", "were", "there", "where", "what" na mengine kadhaa. Ukutani yaanze matano, kisha uongeze matatu kwa wiki, na wiki akisuasua usiongeze hata moja.

Nina darasa la watoto 48. Kabati limeziba nusu ya ukuta. Maneno niyapange kwa alfabeti au vipi? (Mwalimu mwenzako, Morogoro)

Alfabeti inamfaa mtu anayejua neno linaanza na herufi gani. Mtoto anayetaka kuandika "one" anasikia "wan", ataenda kwenye w, hataliona, atakata tamaa. Wa "who" atatafuta h. Tena chini ya t utakuwa umerundika "the", "they", "there", "to" na "two", yaani yale yale anayoyachanganya, yamekaa bega kwa bega.

Mimi ningepanga kwa ukoo. "To", "do", "who" na "two" wakae pamoja kwa sababu mwisho wake ni sauti moja, na ile w ya "two" ipigiwe mstari mwekundu kuwa haisemi kitu. "Come", "some", "done" ukoo mmoja, "one" jirani yao. "There" na "where" pamoja. Ukoo ninaoupenda zaidi ni wa "was", "want" na "what": mtoto akiona kwamba baada ya w ile a mara nyingi hupinda na kuwa kama o, siku akikutana na "wash" na "watch" hahitaji kuambiwa. Hapo ukuta unafanya kazi ya kufundisha badala ya kupendezesha darasa.

Kuna ukoo mmoja wa watoto wetu sisi: "he", "she", "we", "me", "be". Kwa Mwingereza hayo hayasumbui. Mtoto anayejua silabi za Kiswahili anasoma "we" kama anavyoitwa na wenzake uwanjani, "we!", na "me" anaisoma kama silabi ya "meza". Yape somo moja na kipande kimoja cha manila.

Mengine ni ya fundi. Andika herufi ndogo, nene, nyeusi, na sehemu korofi tu kwa nyekundu. Karatasi iwe nyeupe au ya rangi moja. Usilikate neno kufuata umbo lake, maana hapo unamfundisha umbo la karatasi. Urefu wa kubandika ni macho ya mtoto aliyesimama, si yako. Na kama kabati limeziba, tumia upande wa kabati. Watoto 48 hawasomi ukuta mmoja kwa pamoja, kwa hiyo wapelekeni safu kwa safu huku wengine wanaandika.

Mwanangu ananishinda kila mchezo wa kadi za maneno, lakini tukifungua kitabu hajui hata moja. Ananichezea? (Mama, Mwanza)

Hakuchezei. Zitazame kadi zenyewe. Ipo yenye doa la chai, ipo iliyopinda kona, na "of" ndiyo fupi kuliko zote. Anazijua kadi, hayajui maneno. Ziandike upya kwenye vipande vinavyolingana na mwandiko mmoja, mcheze tena kesho. Akianguka ghafla, umepata jibu lako.

Kisha badilisha sheria ili mtu asiweze kushinda bila kusoma. Huu wa kutafuta pacha nyumbani kwetu tunaucheza hivi. Maneno matano, kila moja kadi mbili, jumla kadi kumi zimefunikwa mezani. Matatu kati yake anayajua tayari, mawili ni mapya. Akifunua "was" mbili hachukui mpaka afanye mambo mawili: alitamke "woz", na aoneshe kwa kidole herufi inayodanganya na kusema inasema nini. Hapa a inasema o, na s inasema z. Akikosa, kadi zinafunikwa tena na zamu inahamia kwako. Dakika kumi zinatosha. Ukizidisha anaanza kubahatisha ili mchezo uishe.

Akishapata nguvu, tia mapacha wa uongo: "was" na "saw", "on" na "no", "of" na "for". Hapo ndipo utajua anasoma herufi kwa mpangilio wake au anakisia kwa umbo la neno.

Mwingine ni uvuvi. Bana kipini cha chuma cha karatasi kwenye kila kadi, funga sumaku ya spika mbovu kwenye uzi, beseni liwe ziwa. Watoto wataupenda, ila peke yake ni mchezo wa kuvua tu. Weka sharti kwamba samaki haingii kwenye ndoo mpaka neno lisomwe ndani ya sentensi fupi uliyoandika wewe: "Who has two?" Kwa kitabu chako kile kile anachoshindwa, chukua sentensi humo humo. Daraja kati ya kadi na kitabu ni sentensi.

Mwalimu, mjukuu wangu anasoma "was" kama "saw". Watu wananitisha kuwa ana ugonjwa. (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Kwa miaka sita, kugeuza hivyo ni jambo la kawaida sana, hasa mtoto anapoyatazama maneno kama picha. Mwekee nukta ya kijani chini ya herufi ya kwanza, kidole kianzie hapo, na sauti ya kwanza itoke mdomoni kabla hajataja neno. "Was" haiwezi kuanza na s.

Mpelekeni akachunguzwe ikiwa baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya karibu kila siku bado yanampotea, na silabi za Kiswahili nazo zinamshinda. Macho na masikio yapimwe kwanza, kisha mzungumze na mwalimu wake.

Na maneno ya Kiswahili nimbandikie ukutani hivyo hivyo? (Mzazi, Mombasa)

Hapana. Kiswahili kinasomeka kwa silabi. Hata "ng'ombe" na "dhahabu" zina kanuni ambayo haibadiliki. Ukimfundisha kuyasoma kwa kuyaangalia unamnyang'anya chombo anachokitumia vizuri. Chombo hicho hicho kitamsaidia kwenye Kiingereza pia: anayejua dh ya "dhahabu" hana sababu ya kusema "za" pale palipoandikwa "the".

Neno litoke ukutani lini? (Mama, Dodoma)

Akilisoma kitabuni bila kusita kwa siku tatu tofauti, na akiliandika sawasawa bila kutazama. Yote mawili. Wengi husoma "they" vizuri na bado wanaandika "thei", na hilo halijaiva. Lililoiva mwache alibandue mwenyewe, alitie kwenye bahasha. Ijumaa chomoa matano bila kuchagua, umwimlishe. Likimshinda, linarudi ukutani wiki inayofuata, na linahesabiwa kati ya yale matatu mapya.