Doa la damu baada ya hedhi kukoma

"Nina miaka 58, hedhi ilikoma miaka sita iliyopita. Juzi nimeona doa dogo la damu, halikurudi. Nisubiri?"

Usisubiri, dada yangu. Mara nyingi chanzo ni ukavu wa uke, lakini saratani ya mji wa mimba nayo huanza na doa kama hilo, bila maumivu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nenda kliniki wiki hii, utaje dawa unazotumia, hasa za homoni. Daktari atatazama mlango wa kizazi, kisha ultrasaundi ya kupitia ukeni itapima unene wa utando wa ndani wa mji wa mimba. Utando ukizidi milimita 4, huchukuliwa kinyama kidogo kikapimwe maabara. Utando ukiwa mwembamba lakini damu ikarudi, rudi; kipimo cha kwanza hakitoshi tena. Damu ikiwa nyingi, nenda hospitali siku hiyohiyo.