Kijana wa nyota nne na nusu na kijana wa nyota tatu: ninachosoma kwanza katika Football Manager

Katika Football Manager, mchezo wa kompyuta wa kuongoza klabu ya soka, kila mwaka wa mchezo, siku ambayo klabu hupokea vijana wapya wa akademia, mpwa wangu anayesoma Maseno huja kwangu hapa Kisumu, tukaketi mbele ya kompyuta kuwachambua mmoja mmoja. Mwaka wa kwanza wa mchezo wangu katika Football Manager 2024, nilipokuwa nikiongoza klabu ya daraja la pili nchini Ureno, tulibishana hadi usiku wa manane juu ya vijana wawili wa miaka 16. Wa kwanza alikuwa winga wa kulia, ambaye kocha mkuu wa vijana alimpa upeo wa nyota nne na nusu. Wa pili alikuwa kiungo mkabaji wa nyota tatu tu. Nilipotangaza kwamba nafasi pekee ya kufanya mazoezi na kikosi cha kwanza nitampa kiungo, mpwa wangu alishika kichwa: "Mjomba, nyota nne na nusu, unamwacha aje?"

Jibu langu lilitoka katika mstari mmoja mdogo ulio katika ukurasa wa maelezo ya mchezaji, mstari wa tabia. Kwa winga uliandikwa "Casual". Kwa kiungo uliandikwa "Fairly Professional". Ningependa kueleza kwa utaratibu kwa nini maneno hayo yalikuwa na uzito kuliko nyota, kwa sababu naona wachezaji wengi wakitumia miaka kumi ya mchezo wakiwalea vijana wasioweza kulelewa.

Tuanze na nyota zenyewe. Ndani ya mchezo, kila mchezaji ana namba mbili zilizofichwa, uwezo wake wa sasa na upeo wa uwezo wake, na zote mbili hupimwa hadi 200. Nyota si namba hizo. Nyota ni maoni ya mtu mmoja katika benchi lako la ufundi, na maoni hayo hulinganisha kijana na wachezaji ulio nao sasa. Kijana huyohuyo akiwa na nyota nne katika klabu ndogo, ukihamia klabu kubwa ukaenda naye, ataonekana wa nyota mbili bila kupoteza chochote. Vilevile, ukisajili wachezaji bora, nyota za vijana wako zitashuka, nawe usidhani wameharibika. Zaidi ya hapo, kocha au skauti anayetoa maoni ana sifa yake ya kutambua upeo, iliyopimwa hadi 20. Mwenye 8 atakosea sana kuliko mwenye 17. Nyota nyeusi zinazofuata zile za dhahabu zinaonyesha kiasi cha shaka: nyota mbili za dhahabu na mbili nyeusi maana yake ni kwamba kijana anaweza kuishia popote kati ya mbili na nne. Mimi huhesabu zile za dhahabu pekee kama ahadi.

Kwa vijana wanaozaliwa na mchezo wenyewe, upeo huwekwa siku wanapotokea. Kwa baadhi ya vijana halisi walio katika hifadhidata, watengenezaji huandika namba hasi badala ya namba kamili. Aliyeandikiwa -9, kwa mfano, hupewa upeo wowote kati ya 150 na 180 kila mtu anapoanza mchezo mpya. Ndiyo maana chipukizi aliyekuwa nyota kwangu alikuwa wa kawaida tu kwa mpwa wangu, na hakuna aliyedanganya.

Lakini upeo ni dari, na dari haimpandishi mtu ngazi. Kinachompandisha kijana ni mazoezi na mechi, na kiasi anachopata kutoka kwenye mazoezi hutegemea sana sifa moja iliyofichwa, yaani weledi wake, ule moyo wa kuichukulia kazi yake kwa uzito. Weledi nao hupimwa 1 hadi 20, ila huwezi kuuona. Unachokiona ni neno la tabia, ambalo mchezo hulitunga kwa kuchanganya weledi, tamaa ya mafanikio, uaminifu kwa klabu, uwezo wa kuhimili presha, hasira na nyinginezo, pamoja na ari, ambayo yenyewe huonyeshwa wazi kwa jina la Determination.

Maneno mengine husema moja kwa moja. "Model Professional", "Professional" na "Fairly Professional" yote yanakuambia kwamba weledi uko juu, katika mfuatano huo wa kushuka. "Model Citizen" na "Resolute" pia ni habari njema. "Casual" na "Slack" yanasema weledi uko chini kabisa, na hapo sisiti. Ugumu upo kwa maneno ya katikati, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa namna mbili.

Kosa la kwanza ni kumtupa kijana wa "Balanced". Neno hilo halimaanishi mbaya wala mzuri. Linamaanisha kwamba hakuna sifa iliyofika kiwango cha kupewa jina lake. Kwa hiyo ukifikiri kwa makini utaona kwamba limekufungulia mlango: kama weledi ungekuwa chini kabisa, angeitwa "Casual", na kama ungekuwa juu sana, angeitwa "Fairly Professional". Yuko mahali fulani katikati, na katikati ni pana. Anaweza kuwa na weledi wa 6 au wa 13, na tofauti hiyo ni kubwa mno katika miaka minne ya makuzi.

Kosa la pili ni kumwamini kijana wa "Determined" bila kuchunguza zaidi. Ari ya 18 hupendeza macho, lakini neno hilo limesema juu ya ari na kunyamaza juu ya weledi. Nimewahi kuwa na mshambuliaji wa namna hiyo ambaye hakukata tamaa hata tukiwa nyuma kwa mabao matatu, ila mazoezini alikuwa mzigo.

Katika hali hizo mbili, mimi hutazama alama za mazoezi. Kila wiki mchezo humpa kila mchezaji alama ya jinsi alivyofanya mazoezi, na ukizifuatilia kwa miezi mitatu au minne, tabia hujidhihirisha. Wiki moja mbaya si kitu, kwa sababu jeraha dogo, uchovu au ratiba isiyomfaa vinaweza kuishusha. Lakini kijana ambaye wenzake wa rika lake, chini ya kocha yuleyule, wanampita wiki baada ya wiki, ana tatizo ambalo neno la tabia halikulitaja. Pia husoma orodha ya faida na hasara katika ripoti ya kocha, kwa kuwa huko ndiko mchezo unakofichua mambo mawili ambayo neno la tabia halina habari nayo kabisa: kama mchezaji anacheza kwa kiwango kinachobadilikabadilika, na kama mwili wake ni wa kuumiaumia. Hilo la pili nalichukulia kwa uzito sana kwa vijana, maana kijana anayekaa nje miezi minne kila msimu hupoteza wakati uleule ambao alipaswa kuutumia kukua.

Sasa nirudi kwa wale wawili. Kiungo nilimpandisha kikosi cha kwanza kwa mazoezi, nikamruhusu aendelee kuchezea timu ya vijana ili asikose mechi. Hatua hiyo ni ya lazima ukitaka kumweka katika kikundi cha ulezi, ambamo kijana hufuata tabia za wenzake wanaoheshimika, kwa sababu vikundi hivyo huundwa kwa wachezaji wa kikosi kimoja, na kila kikundi huhitaji watu wasiopungua watatu. Nilimweka pamoja na nahodha wetu, beki wa miaka 31 mwenye tabia ya "Resolute", na kiungo mwenzake wa miaka 27 aliyekuwa "Professional". Mlezi lazima awe na heshima katika kikosi. Mchezaji wa akiba ambaye hakuna anayemsikiliza hatambadilisha mtu, hata akiwa na tabia ya malaika.

Winga sikumfukuza. Msimu wa pili, mpwa wangu aliponisihi, nilimpa naye nafasi, na hapo nilifanya kosa ninalolijutia. Nilimweka kikundini na mshambuliaji wetu mkuu, aliyekuwa kipenzi cha kikosi, bila kuisoma tabia yake vizuri. Alikuwa "Temperamental". Ulezi hauchagui mema peke yake. Huambukiza chochote alicho nacho mwenye sauti. Nilipogundua, miezi ilikuwa imepita, na hasira ya winga ilikuwa imeongezeka juu ya uvivu. Nilimhamishia kikundi cha nahodha, na baada ya karibu misimu miwili neno lake lilibadilika likawa "Balanced". Lakini alikuwa tayari na miaka 20, na ile miaka ambayo mazoezi humjenga kijana kwa kasi ilikuwa imemponyoka.

Kiungo alipofika miaka 18 sikumwacha tena katika mechi za vijana. Kabla ya umri huo naona afadhali kijana abaki nyumbani penye viwanja vizuri na makocha wazuri. Baada ya hapo anahitaji mechi za watu wazima. Nilimtoa kwa mkopo kwa klabu ya daraja la chini iliyokubali kumpa nafasi ya kuanza mara kwa mara, nikikataa klabu kubwa mbili zilizotaka kumweka benchi. Alicheza mechi 29. Aliporudi, sifa zake za akili, hasa kujipanga na kufanya uamuzi, zilikuwa zimepanda kuliko nilivyotarajia, na akiwa na miaka 20 alikuwa akianza kila wiki.

Nilipoumaliza mchezo huo baada ya misimu saba, nilifungua kihariri cha ndani ili kuona namba halisi. Sikitumii wakati wa kucheza, lakini nilitaka tumalize ubishi. Winga alikuwa na upeo wa 156 na uwezo wa sasa wa 113. Weledi wake, hata baada ya ulezi wote ule, ulikuwa 7. Kiungo alikuwa na upeo wa 142, chini ya winga kwa pointi 14, sawasawa na nyota zilivyosema. Uwezo wake wa sasa ulikuwa 137, na weledi 17. Mpwa wangu aliitazama skrini kwa muda mrefu, kisha akaomba tumfungue pia beki mmoja wa "Balanced" tuliyemwacha aondoke bure akiwa na miaka 17, bila hata kutazama alama zake za mazoezi. Weledi wake ulikuwa 13, na upeo 149.