Kuku gani? Kufupisha arifa ya rejesho lililochelewa

Mama mmoja mwenye duka la vipodozi alitupigia simu asubuhi akauliza, "Jamani, ni kuku gani mnaoniuzia?" Wakati huo nilikuwa naandika ujumbe wa programu ya mikopo midogo hapa Dar es Salaam. Mama hakuwa ameagiza kuku. Alikuwa amechelewesha rejesho, nasi tulimtumia arifa hii:

"Ndugu mteja wetu mpendwa, tunapenda kukukumbusha kwamba rejesho lako lililotakiwa kulipwa kabla au ifikapo tarehe 05/06 bado halijapokelewa. Tafadhali lipa kiasi cha TSh 46,500 ikiwemo adhabu haraka iwezekanavyo ili kuepuka usumbufu."

Simu yake ilikata kwenye "Ndugu mteja wetu mpendwa, tunapenda kukuku…". Nafasi 42 za maandishi zimekwisha, na hajaambiwa lolote zaidi ya kwamba tunampenda. Arifa isipofunguliwa huonyesha mstari mmoja wa kichwa na mara nyingi mstari mmoja wa maelezo, na ukiwa na simu ya bei nafuu yenye maandishi makubwa ni pungufu ya hapo.

Nikakata kwa hasira. Toleo langu la kwanza lilikuwa "Umechelewa! Lipa TSh 46,500 leo." Fupi kweli, ila nililijutia. Mteja mwenye mikopo miwili hakujua ni upi unaodaiwa, maana tarehe nilikuwa nimeitupa. Halafu kuna mvuvi aliyekuwa baharini siku tatu, simu imezimwa. Aliporudi pwani na kuiwasha, "leo" yetu ikamfikia siku tatu baadaye, na alikuwa ameshalipiwa na mkewe. Mtu amelipa, anaambiwa umechelewa kwa alama ya mshangao. Ndivyo watu wanavyoanza kukuita kausha damu.

Toleo tulilobaki nalo ni hili:

```json
{
  "message": {
    "token": "...",
    "notification": {
      "title": "Rejesho la 5 Juni: TSh 46,500",
      "body": "Halijalipwa. Gusa hapa ulipe."
    },
    "android": {
      "ttl": "43200s",
      "collapse_key": "mkopo-2"
    }
  }
}
```

Kichwa kina nafasi 29, maelezo 29. Tarehe na kiasi vimekaa kwenye kichwa kwa sababu ndicho kinachobaki hata maelezo yakikatwa. Kiswahili kilinisaidia hapa: "halijalipwa" ni neno moja linalobeba sentensi nzima, wakati "bado halijapokelewa katika mfumo wetu" linasema jambo lile lile kwa maneno matano. Na halimtukani mtu. Simu ikiwa mezani dukani, shemeji anaweza kusoma, kwa hiyo neno "deni" na "umechelewa" sikuyarudisha tena.

Tarehe niliandika "5 Juni", si "05/06". Simu yenye mpangilio wa Kimarekani huanza na mwezi, na mtu aliyeizoea anaweza kusoma Mei 6. Najua wengi wetu tunasema mwezi wa sita, lakini "5 mwezi wa 6" inakula nafasi na kuweka namba mbili karibu na kiasi cha fedha.

Kiasi ndicho kilichotugombanisha na mhasibu. Rejesho lilikuwa TSh 45,000, adhabu TSh 1,500. Yeye alitaka tuandike 45,000 kwa kuwa ndiyo iliyoko kwenye mkataba. Nilikataa: mteja angelipa 45,000 kwa lipa namba, akalala usingizi, kumbe 1,500 bado inamdai. Andika jumla inayofunga jambo. Adhabu yetu ilitozwa mara moja tu, kwa hiyo 46,500 haikubadilika. Yako ikiongezeka kila siku, kiasi kwenye arifa huchacha usiku mmoja.

Kuzuia arifa iliyochacha isimfikie mteja ndiyo kazi ya ile `ttl`, yaani muda wa arifa kuishi. Firebase Cloud Messaging, huduma ya Google ya kutuma arifa, usipoiambia kitu, hushikilia ujumbe hadi wiki nne ikisubiri simu iwashwe. Sekunde 43,200 ni saa 12. Zikipita, arifa inatupwa, na kesho yake unatuma mpya ukishaangalia kama malipo yameingia. `collapse_key` nayo hufanya arifa mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani ambayo haijafika, ili simu ikiwashwa isitoe tatu kwa mpigo. Kila mkopo uwe na yake, la sivyo arifa ya mkopo mmoja itafuta ya mwingine.

Ilibaki "Gusa hapa ulipe". Wiki ya kwanza, ukigusa ulipelekwa ukurasa wa mwanzo wenye tangazo la mkopo mpya, na watu wakaishia hapo. Tukaielekeza kwenye ukurasa wa rejesho lenyewe, kiasi kimeshajazwa, kilichobaki ni namba ya siri. Ukurasa huo huangalia malipo upya kila unapofunguka, kwa hiyo aliyelipa dakika tano zilizopita anakuta "Limepokelewa" badala ya kitufe cha kulipa.