Maswali na majibu: kutengeneza filta ya FIR kwa kupanga nukta za frikwensi

"Mkuu, niko na sensa ya mtetemo kwa mota ya pampu, nasoma mara 1500 kwa sekunde. Nataka kila kitu chini ya 300 Hz kipite, cha juu kife. Nimeskia unaeza andika tu majibu unayotaka kwa nukta kadhaa halafu hesabu inakupea koefishenti. Inaendaje hio?" (fundi, Viwandani)

Ndio, na ni rahisi kuliko vile watu hudhani. Kwanza chagua filta itakua na koefishenti ngapi, tuseme 15. Gawa 1500 kwa 15 upate 100, basi nukta zako zitakaa kila baada ya 100 Hz, yaani 0, 100, 200 mpaka 700. Hizo ni nukta nane tu, kwa sababu zile saba zingine ni kioo cha hizi na hauhitaji kuzipanga. Kila nukta unaipea ukubwa unaoutaka. Zako zitakua 1 kwa 0, 100, 200 na 300, halafu 0 kwa 400 kwenda juu.

Sasa kutoka hapo kuenda kwa koefishenti ni Fourier ya kurudi nyuma, na kwa sababu tunataka filta iwe pacha pande zote mbili (ndio ichelewesha frikwensi zote sawasawa na isiharibu umbo la mawimbi) hesabu inabaki kosaini tupu:

```
h(n) = (1/15) [ A(0) + 2 Σ A(k) cos(2πk(n−7)/15) ],  k = 1..7
```

A(k) ni ukubwa uliopanga kwa nukta ya k, h(n) ni koefishenti ya n kuanzia 0 mpaka 14, na ile 7 ni katikati ya filta. Jaribu na mkono koefishenti ya katikati, n = 7, kosaini zote zinakua 1, unapata (1 + 2×3)/15, yaani 0.4667. Zile jirani zake, n = 6 na n = 8, ni 0.3189 kila moja. Zikijumlishwa zote 15 lazima zitoe 1, kwa sababu uliomba 1 pale kwa 0 Hz. Hio ndio njia ya haraka ya kujua kama umekosea mahali.

"Nilifanya hivo hivo, 1 nne na 0 nne. Nikachora grafu iko safi kabisa, lakini kelele ya karibu 450 Hz bado inapita kwa data. Kwani hii njia ni uongo?" (mwanafunzi, Juja)

Si uongo, ni vile umeangalia mahali ulipoahidiwa tu. Bila shaka umechukua FFT ya koefishenti 15 kwa nukta 15, na hapo itakurudishia zilezile namba ulizoweka, ni lazima, ndio ulizoanzia. Njia hii inahakikisha nukta zako na haikuahidi chochote katikati yao. Ni kama kamba ya nguo huko juu ya ploti, pale kwa misumari imeshikwa, katikati inalegea na kucheza vile inataka.

Jaza sifuri upige FFT ya 1024 ndio uone ukweli:

```python
import numpy as np
A = [1, 1, 1, 1, 0, 0, 0, 0]
N = 15
m = np.arange(N) - 7
h = (A[0] + 2*sum(A[k]*np.cos(2*np.pi*k*m/N)
     for k in range(1, 8))) / N
H = np.abs(np.fft.fft(h, 1024))
```

Utapata kwa 450 Hz filta inapitisha 0.17, hio ni kama 15 dB tu za kukata. Kwa 550 Hz ni 0.11. Na hata huko chini ambako ulitaka 1, pale 250 Hz imepanda mpaka 1.10, so mtetemo wa hapo unaonekana mkubwa kwa asilimia kumi kuliko vile uko, na kama ripoti yako inasema mota imeharibika juu ya kiwango fulani hio asilimia kumi si kitu ndogo.

Sababu ni ile ruka ya ghafla. Kati ya nukta na nukta jibu linajengwa kwa kujumlisha mikunjo ya aina ya sini juu ya sini, kila nukta inaleta mkunjo wake na mikia yake, na mikia ya jirani husaidiana kufutana kama namba zinashuka polepole. Ukitoka 1 ukaingia 0 hatua moja hakuna wa kufuta mikia ya ile 1 ya mwisho. Na usifikirie utaponya kwa kuongeza koefishenti. Ukienda 15 mpaka 75 mawimbi yatabanana karibu na ukingo lakini lile kubwa la kwanza litabaki karibu urefu uleule. Hapa ndio watu wengi hupoteza wikendi.

"Niliona mtu ameweka 0.4 katikati ya 1 na 0. Mbona isiwe 0.5 kama mtu wa kawaida, ama hio 0.4 imetoka wapi?" (dada wa Umoja, anajifunza peke yake)

Swali zuri kuliko yote leo. Ukiacha nukta moja iwe ya mpito, yaani isiwe 1 wala 0, mikunjo yake inakuja na mikia yenye alama kinyume na ile iliyobaki, na unaeza kuchagua ukubwa wake ili ifute. Tuangalie kwa filta yetu ileile, 400 Hz ikue nukta ya mpito na 500 kwenda juu ibaki 0. Bila mpito, kwa 550, 650 na 750 Hz tulikua na 0.113, 0.094 na 0.089. Ule mkunjo wa mpito peke yake, ukiwa 0.4, unaleta 0.115, 0.086 na 0.080 kwa hizo sehemu, na alama kinyume kila mahali. Toa moja kwa nyingine unabaki na 0.003, 0.007 na 0.009. Kutoka 19 dB umefika kama 41 dB, na haujaongeza koefishenti hata moja.

Sasa weka 0.5. Mkunjo wa mpito unakua mkubwa zaidi, pale 550 Hz unaleta 0.144 dhidi ya 0.113, umefuta ukapita, unabaki na 0.03 upande ule mwingine. Hio ni 30 dB. So 0.5 inaonekana ya busara kwa macho lakini imekutoa desibeli kumi bure. Hakuna fomula safi ya kutoa hio namba, inatafutwa: jaribu kutoka 0.3 mpaka 0.5 kwa hatua ndogo, kila mara piga FFT ndefu, shika ile yenye kilele kidogo zaidi kwa eneo la kuzuia. Rabiner, Gold na McGonegal walifanya hio kazi 1970 kwa kompyuta na wakatoa majedwali, na ndio maana vitabu vingi vinakuja na namba zinazozunguka 0.4 kwa nukta moja. Ukitaka zaidi weka nukta mbili za mpito, utafika huko 60 na kitu.

Lakini bei iko. Sasa eneo la kuzuia linaanza 500 Hz si 400, na kile kitu cha 450 bado kinapita kwa 0.11. Kama adui wako anakaa hapo hapo, nukta ya mpito peke yake haitakuokoa, ongeza koefishenti ndio hatua za 100 Hz zikue ndogo. Pia cheki pale 250 Hz, imeshuka kutoka 1.10 ikawa 1.04, afadhali lakini haijapona vile eneo la kuzuia limepona.

"Nilitumia np.fft.ifft moja kwa moja na koefishenti kubwa ikatokea mwanzo badala ya katikati. Nikiitumia hivo kuna noma?" (msomaji wa Kasarani)

Noma iko. Uliweka ukubwa tu bila fezi, so hesabu ikadhani filta iko katikati ya sifuri na nusu yake ya kushoto ikazungushwa ikakaa mwisho wa orodha. Kwa zile nukta 15 ukubwa unabaki sawa, ndio maana ukicheki haraka utadanganyika tena, lakini katikati yake jibu ni vurugu. Izungushe kwa nafasi saba, `np.fft.fftshift(h)` inatosha kama koefishenti ni witiri, ndio ile kubwa ikae namba 7. Na ukiona sehemu ya kufikirika ambayo si ya 1e-17 hivi, jua ile nusu ya kioo uliiandika vibaya, mara nyingi mtu amerudia ile 0 Hz kule mwisho. Orodha ni A0 mpaka A7 halafu A7 kurudi mpaka A1, basi.

"Mwisho wangu ni 330 Hz kamili, na nukta zenu ni 300 na 400. Nifanyaje?"

Hio ndio udhaifu wa hii njia, ukingo unaenda pale nukta zinataka. Unaeza kuchukua koefishenti 75, hatua zinakua 20 Hz, unaweka 1 mpaka 320, mpito kwa 340, sifuri kuanzia 360. Kumbuka kuchelewa kunapanda kutoka sampuli 7 mpaka 37, yaani kutoka karibu milisekunde 5 mpaka 25, kwa pampu haina shida, kwa sauti ya moja kwa moja mtu anaeza skia.

Ama tumia `firwin2(75, [0, 320, 360, 750], [1, 1, 0, 0], fs=1500)` ya SciPy, hio inajaza nukta nyingi katikati yenyewe, inarudi nyuma na Fourier, halafu inapitisha dirisha la Hamming. Matokeo ni laini lakini usishangae hayapiti kamili kwa namba zako. Na mimi kusema ukweli, kama ni kukata chini na juu tu ningechukua `remez` na kumaliza. Hii ya nukta naipendea maumbo ya ajabu, mfano spika ya matatu umeipima ukapata inazama hapa na kupanda pale, unataka filta ya kuirudisha sawa. Hapo tayari uko na orodha ya namba kwa frikwensi zilizopangwa, na namba zenyewe zinashuka na kupanda polepole, kwa hivo ile shida ya ruka haikusumbui.

"Nimesoma filta hii inaeza kuandikwa kwa kurudisha matokeo yake nyuma ndani yake ndio kazi ipungue. Niiweke hivo kwa ESP32?"

Kwa koefishenti 15 usijisumbue, ni pacha, kwa hivo unazidisha mara nane tu kwa kila sampuli. Ile ya kurudisha nyuma inalipa ukiwa na koefishenti mia kadhaa na nukta chache tu ambazo si sifuri, kwa sababu kila nukta isiyo sifuri inakua kirezoneta kimoja na zingine unaziruka. Shida ni kwamba virezoneta hivyo viko ukingoni kabisa mwa utulivu, vinategemea kufutwa kikamilifu na kichana, ile filta ya kutoa sampuli ya N nyuma kwa ya sasa, kilicho mbele yao, na namba zikikatwa kidogo kufuta hakukamiliki na makosa yanabaki ndani yakizunguka. Ukilazimika, vivute ndani kidogo, tumia 0.999 badala ya 1, na hio 0.999 uipandishe kwa kipeo cha N kwa kile kichana pia, la sivyo umeharibu kufutana kulekule ulikotaka kukulinda.