Baridi, choo kigumu na ngozi kavu: thairoidi inapopungua, mwili mzima hupunguza mwendo

Ugonjwa wa upungufu wa homoni ya thairoidi hujificha kwa sababu kila dalili yake ina dawa yake ya haraka. Ngozi ikikauka mtu hupaka mafuta, choo kikiwa kigumu hutafuta dawa ya kulainisha, akihisi baridi huongeza nguo, na uchovu huhesabiwa kuwa ni wa kazi au wa umri. Kwangu mimi mambo hayo manne yalikuja taratibu kiasi kwamba hayakuwahi kukaa katika sentensi moja hadi daktari aliponiuliza nina shida gani nyingine mbali na ile niliyokuja nayo. Ushauri wangu wa kwanza kwa hiyo ni huu: mtu anayehisi baridi pale wenzake wanapoona joto, huku choo chake kimebadilika na ngozi imepauka, ayaeleze yote kwa pamoja mbele ya daktari mmoja, hata yale anayoyaona kuwa madogo au ya aibu.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, na hutoa hasa homoni iitwayo T4. Viungo vya mwili huigeuza kuwa T3, ambayo huingia ndani ya kiini cha seli na kuiamuru iongeze kasi ya kuunguza chakula. Joto la mwili ni zao la kazi hiyo, kwa hiyo homoni inapopungua mwili huwa kama jiko lililopunguzwa moto: chakula kipo, lakini hakiungui kwa kasi ya kutosha. Ili kuhifadhi joto dogo lililobaki, mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi husinyaa, na ndiyo maana mikono huwa ya baridi na ngozi huonekana imepauka. Tezi za jasho na za mafuta nazo hulegea, na seli za ngozi hujisasisha polepole, hivyo ukavu hurudi muda mfupi baada ya kupaka mafuta.

Habari ya choo ni hiyo hiyo upande wa tumbo. Misuli ya utumbo hujikunja kwa uvivu, mabaki ya chakula hukawia ndani ya utumbo mpana, na kwa kuwa kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji, kadiri yanavyokawia ndivyo yanavyokauka. Moyo pia hupiga polepole, na mawazo huchelewa kufika mdomoni.

Uchunguzi ulionishangaza zaidi haukuhitaji mashine yoyote. Daktari alinitaka nipige magoti juu ya kiti, miguu ikining'inia, kisha akagonga kwa nyundo ndogo kano iliyo juu ya kisigino. Mguu uliruka kama kawaida, lakini ulirudi chini taratibu mno, hata mimi niliyegeuza shingo kutazama niliuona ukichelewa. Misuli inayokosa homoni huchelewa kulegea baada ya kujikunja. Hata hivyo ishara hiyo haitoshi kuthibitisha ugonjwa. Kinachoamua ni kipimo cha damu.

Kipimo hicho huwachanganya watu wengi kwa sababu namba yake huenda kinyume. Kinachopimwa kwanza ni TSH, homoni inayotoka katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi. Thairoidi ikishindwa kazi, pituitari huzidisha himizo, hivyo TSH kubwa humaanisha homoni ndogo ya thairoidi. Karatasi yangu ilionyesha TSH 42, ilhali kiwango cha kawaida cha maabara ile kilikuwa kati ya 0.4 na 4.0, na T4 yangu ilikuwa chini ya kikomo. Kingamwili zilizopimwa baadaye zilionyesha kwamba kinga yangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiishambulia tezi, hali iitwayo ugonjwa wa Hashimoto kwa jina la daktari wa Kijapani aliyeieleza mwaka 1912. Ni vyema kuomba T4 ipimwe pamoja na TSH, kwa kuwa tatizo likiwa katika pituitari yenyewe, TSH inaweza kuonekana ya kawaida ilhali T4 iko chini. Na vyote vikiwa sawa, chanzo cha dalili kitafutwe kwingine, kwa maana upungufu wa damu na baadhi ya dawa nao huleta baridi, uchovu na choo kigumu.

Tiba ni levothairoksini, ambayo ni T4 iliyotengenezwa. Mtu mzima ambaye tezi yake imeshindwa kabisa huhitaji takribani mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, na mimi niliyekuwa na kilo 62 niliandikiwa mikrogramu 100 kwa siku. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu moyo uliozoea mwendo wa polepole unaweza kuumizwa na kasi ya ghafla.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mgonjwa aambiwe mapema. TSH hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, na yangu ilikuwa imeshuka hadi 21 tu. Daktari alikuwa tayari kuongeza dozi, lakini mfamasia aliyekuwa akinihudumia alitazama mfuko wangu wa dawa akauliza, "Mama, na hivi vya kuongeza damu unavimeza saa ngapi?" Nikamjibu kwamba ni asubuhi, kama lebo ilivyosema, na lebo ya levothairoksini nayo ilisema asubuhi. Madini ya chuma yaliyomo katika vidonge hivyo vya kuongeza damu hushikamana na levothairoksini tumboni na kuizuia isifyonzwe, na kalsiamu hufanya vivyo hivyo. Si bahati mbaya ya mtu mmoja: upungufu wa thairoidi unaweza kuzidisha damu ya hedhi, damu ikapungua, na mwanamke akajikuta ana dawa zote mbili. Vidonge vya madini ya chuma vilihamishiwa jioni, levothairoksini ikabaki asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai au kahawa, na kipimo kilichofuata kikasoma 2.8 kwa dozi ile ile. Kanuni ni kuziachanisha dawa hizo kwa angalau saa nne.

Nafuu nayo haiji kwa mara moja. Choo na baridi vilitangulia kurekebika ndani ya wiki chache, ngozi na nywele zikahitaji miezi. Anayeongeza vidonge mwenyewe ili aharakishe, au ili apungue uzito, hujitafutia mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na mifupa dhaifu. Mwanamke anayepata mimba akiwa kwenye dawa hii amjulishe daktari mara moja, kwa sababu dozi kwa kawaida hulazimika kupandishwa. Na mgonjwa anayekuwa na usingizi mzito usio wa kawaida, akachanganyikiwa, mwili ukapoa na pumzi ikawa ya polepole, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.