Anayekoroma na kukata pumzi usimpe kidonge cha usingizi

Swali: "Wakuu, mume wangu ana miaka 46, anakoroma mpaka watoto wamehamia sebuleni. Usiku anashtuka kama mtu aliyepaliwa, mchana anasinzia hata sahani ikiwa mbele yake. Duka la dawa wamempa vidonge vya usingizi, ataanza leo. Mto mrefu unasaidia? Halafu yeye ni dereva, aendelee na kazi?"

Dada, hivyo vidonge asivimeze. Vifungie kabatini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Mimi nilivimeza. Diazepamu, kila usiku saa nne, miezi miwili na nusu, kwa sababu mtu aliyevaa koti jeupe nyuma ya kaunta aliniambia usingizi wangu ni mwepesi, unahitaji kuongezewa uzito. Hakuniuliza kama nakoroma. Hakuniuliza mke wangu anasikia nini usiku. Alihesabu vidonge, akapokea hela, akaita mteja mwingine. Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka, maana swali moja tu lingetosha.

Elewa kinachotokea. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengi njia ya hewa inabaki wazi, lakini kwa mtu kama mimi ulimi na nyama laini za koo huangukia nyuma, njia ikaziba. Kifua kinahangaika kuvuta, hewa haipiti, oksijeni kwenye damu inashuka. Hapo ubongo unamshtua: koo linakaza, anavuta hewa kwa ule mkoromo wa kupaliwa, analala tena, na asubuhi hakumbuki kitu. Kushtuka huko ndiko kunakomkatakata usingizi mpaka mchana anasinzia, lakini ndiko pia kunakomrudishia pumzi. Kidonge cha usingizi kinaweza kulizidisha koo kulegea na kumchelewesha kushtuka. Pombe ya jioni nayo hivyo hivyo.

Kwangu matokeo yalionekana wiki ya tatu. Kichwa kinagonga kila asubuhi, naamka kukojoa mara nne, presha haishuki ingawa natumia dawa mbili. Nikaongeza dozi ya diazepamu! Siku moja natoka Morogoro kurudi Dar, mchana kweupe, mbele ya Chalinze, nikasikia tairi za kushoto zinasaga kokoto. Macho yangu yalikuwa wazi, lakini kipande kile cha barabara sikukiona. Mwanangu alikuwa kiti cha nyuma. Gari lilisimama hatua chache kutoka kwenye kalvati, na mikono yangu ilitetemeka mpaka nikashindwa kuzima injini.

Usiku ule mke wangu aliweka simu karibu na mto akanirekodi. Asubuhi tukasikiliza wote wawili. Mkoromo, mkoromo, halafu kimya. Tukahesabu sekunde 27 za kimya, kisha kishindo cha mtu anayeibuka kutoka majini. Nililia, nikijua kila usiku yeye alikuwa akisikia hayo.

Rekodi hiyo ndiyo iliyomfanya daktari wa masikio, pua na koo anisikilize, maana daktari wa kwanza alinibana kipimo cha oksijeni kidoleni nikiwa macho, kikasoma asilimia 97, akasema mapafu yako mazima. Mapafu ni mazima kweli. Tatizo linakuja ukilala. Kwa hiyo wakimpima mchana wakamwambia yuko sawa, msikubali kuishia hapo.

Kipimo chenyewe ni cha usiku mmoja: kamrija puani, mkanda kifuani, klipu kidoleni, unalala. Wanahesabu mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Chini ya 5 ni kawaida kwa mtu mzima, kuanzia 30 ni hali kali. Mimi nilipata 41, na oksijeni ilishuka hadi asilimia 74. Nikapewa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo libaki wazi, kwenye boksi imeandikwa CPAP. Wiki ya kwanza niliichukia, barakoa ilinichubua pua, nikabadilishiwa saizi. Baada ya hapo niliamka asubuhi moja bila kuumwa kichwa, jambo nililokuwa nimelisahau.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kipimo kwanza, kidonge cha usingizi baadaye, na kama atakihitaji aamue daktari aliyesoma kipimo hicho. Ila kama kuna msomaji ambaye ameshavitumia wiki kadhaa, asiviache ghafla. Kuvikata mara moja kuna hatari zake, amwone daktari avipunguze polepole.

Leo usiku mrekodi, saa moja inatosha, na kesho nendeni na simu hiyo. Uandike pia ukubwa wa kola ya shati lake, yaani unene wa shingo; mimi navaa inchi 17, na daktari aliniuliza hilo kabla hajauliza uzito. Usukani asiuguse mpaka apimwe na atibiwe. Funguo kaa nazo wewe, hata akinuna.